Nyuma ya Safu ya Mwisho

Neno jeneza nimekua nalo, nikidhani nalijua. Kwetu Moshi jeneza ni sanduku. Linanunuliwa, linafungwa, na linashuka kaburini pamoja na mwenyewe. Ngamiani, Tanga, ambako nimepanga kwa miaka sita, jeneza ni mali ya msikiti. Linambeba maiti aliyevikwa sanda mpaka makaburini, kisha linarudi mahali pake kusubiri mwingine. Neno ni moja ila kitu si kimoja, na Mkristo anayekwenda kuzika Waislamu atakutana na hali hiyo siku nzima: maneno yote anayafahamu, lakini mahali pake pa kusimama hapafahamu.

Mwenye nyumba wangu alifariki usiku, na kufika saa mbili asubuhi mtaa ulishajua kwamba atazikwa baada ya swala ya adhuhuri. Hawakai na maiti. Kwa hiyo usingoje kualikwa wala kadi ya ratiba, unakwenda. Nilivaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, nikakaa barazani na wanaume wengine. Kamera niliiacha ndani, na simu nikaizima. Mwenzangu wa kazini, mwanamke, alijitanda kanga kichwani akaingia uani kwa akina mama, akakaa nao mkekani. Huku kwetu wanawake kwa kawaida hawafuati jeneza makaburini, kwa hiyo msiba wake ulikuwa humo ndani.

La kusema si gumu. "Poleni kwa msiba" inatosha, na ukiongeza "Mungu awape subira" utajibiwa "Amin" bila mtu kuuliza dini yako. Watu watasema "Innalillahi", nawe si lazima uige. Hata neno marehemu lina dua ndani yake, maana asili yake ya Kiarabu ni mtu aliyerehemiwa. Wakristo wa nchi hii tunalitumia kila siku kwa maiti wetu na hatushtuki.

Mimi nilikuwa na swali moja tu: nisimame wapi? Nilimuuliza jirani yetu fundi cherehani, tukiwa njiani kwenda msikitini.

"Kaka, nikae safuni na nyinyi?"

"Una udhu?"

"Sina."

"Basi kaa nyuma yetu, bwana. Hakuna atakayekufukuza, lakini safu ni ya anayeswali."

Nilimwelewa vizuri zaidi swala ilipoanza. Watu walimaliza adhuhuri ndani, wakatoka uani ambako jeneza lilikuwa limewekwa mbele, limefunikwa kitambaa cha kijani. Imamu alisimama usawa wa kichwa cha marehemu. Angekuwa mwanamke, angesimama usawa wa kiuno. Nyuma yake watu walijipanga bega kwa bega, na waliokuja wachache wakagawanywa ili safu zisipungue tatu.

Swala ya maiti haina kuinama wala kusujudu. Wote wanasimama mwanzo hadi mwisho. Imamu anatoa takbira nne: baada ya ya kwanza inasomwa Fatiha kimyakimya, baada ya ya pili wanamswalia Mtume, baada ya ya tatu wanamwombea maiti, na baada ya ya nne dua fupi, kisha salamu. Ni dakika chache mno. Ukiwa hujui kitu, unaweza kujichomeka safuni na mtu wa pembeni asigundue, kwa sababu kwa macho, anayeswali na aliyesimama tu wanafanana. Ndiyo maana nikaona inafaa nisimame nyuma, chini ya mwarobaini, mikono mbele, kichwa chini. Kwenye safu ningekuwa nimejaza nafasi ya dua bila dua yenyewe, na yule mzee alistahili safu zilizojaa kweli.

Kabla ya takbira ya kwanza, mtoto wake mkubwa alisimama kando ya jeneza akasema kwa sauti: mwenye kumdai baba ajitokeze kwa familia, na mliokoseana naye, tunaomba mumsamehe. Hakusema "Waislamu". Alisema "ndugu zangu".

Mimi nilikuwa namdai. Miezi miwili nyuma pampu ya maji iliharibika, mzee akaniomba elfu themanini akamlipe fundi, tukakubaliana atanikata kwenye kodi. Hatukuandika popote, na hapakuwa na shahidi.

Tukaondoka kwa miguu. Jeneza halibebwi na watu wanne wateule. Mtu anaingia mbele, anaweka mti begani hatua chache, anarudi nyuma kumpisha mwingine, na mwendo ni wa haraka. Wengine waliitikia kalima kwa sauti ya chini. Hilo ni tamko la imani yao, mimi nilinyamaza. Fundi alinivuta mkono, "Njoo ubebe, ni mzee wako." Nikaweka bega. Nikajua uzito wake hasa, kwa hatua kumi hivi.

Njiani nilimsimulia habari ya elfu themanini, nikamwambia nafikiri nikae kimya tu, yaani nimeshasamehe moyoni. Akatikisa kichwa. Kwa imani yao, alisema, deni linambana maiti mpaka lilipwe au mwenyewe aliachie, na warithi hawawezi kusoma moyo wa mtu. Ukilihitaji, dai bila aibu: kwenye mali ya marehemu kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, na warithi ndio wa mwisho. Ukiliachia, sema kwa mdomo. Na deni la Mkristo ni deni vilevile.

Makaburini tulipita kati ya makaburi, si juu yake. Shuka lilishikwa juu ya shimo wakati wanafamilia wakimshusha, nasi tulio nje hatukuchungulia. Ubavuni mwa kaburi huchimbwa mwanandani, na humo analazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Tanga, Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo kichwa chake kilikuwa mashariki na miguu magharibi. Mwanandani ukazibwa kwa mbao udongo usimguse, kisha kila aliyekuwa karibu akatupia udongo kwa mikono mara tatu. Walinipisha, nami nikatupia. Halafu majembe, maji juu ya tuta, na watu wakachutama kusikiliza talkini, maneno anayosomewa marehemu mwenyewe kukumbushwa majibu ya kaburini. Si Waislamu wote wanaoisoma. Hapa waliisoma, nami nikachutama pia, maana kubaki wima peke yangu kungekuwa kujionyesha. Dua ya mwisho ilipoombwa, viganja vikainuliwa. Vyangu nilivishika pamoja.

Baada ya hapo wafiwa husimama kupewa mkono. Ilipofika zamu yangu nilimwambia mtoto wake mkubwa, "Pole sana, kaka. Nilikuwa namdai mzee elfu themanini ya pampu. Nimemsamehe."

Nilitegemea aseme asante. Badala yake aliushika mkono wangu asiuachie.

"Umesamehe kwa moyo mmoja? Ukitaka tunalipa, leo hii."

"Kwa moyo mmoja."

Akageuka, akawaita wadogo zake wawili wasogee, viganja vyao bado vina udongo. "Hebu sema tena," akaniambia, "na hawa wasikie."

Nikarudia.