Mwenye mlango hajajibu siku ya tano: tulivyomkumbusha

Leo tunazungumza na wale wanaotafuta mlango wa biashara au chumba cha kukodi, wameshaandika ujumbe wa kwanza, na mwenyewe kanyamaza. Si kakataa, si kakubali. Kanyamaza tu.

Sisi ni mafundi cherehani wawili, tunashona pamoja. Mlango tuliokuwa tumekodi ulikuwa unarudi kwa mwenyewe mwisho wa Shaaban, na kila fundi anajua maana yake. Nguo za Sikukuu zinaanza kuletwa kabla ya Ramadhani, na mteja asiyekukuta pale alipokuzoea anakwenda kwa mwengine. Tulikuwa na cherehani nne, ovaloki moja na meza ya kukatia, na hatukuwa na pa kuviweka.

Mlango tulioutaka ulikuwa Mwanakwerekwe, wa kona, zamani ukiuza viatu. Kodi tuliambiwa 250,000 kwa mwezi, na sisi tulikuwa tumeweka pesa ya miezi sita, yaani 1,500,000. Tukamwandikia mwenyewe siku ya Jumatatu kwa wasapu: sisi ni nani, tunashona nini, tunataka kuingia lini, na kama mita ya tukuza ni ya mlango ule peke yake au inachangiwa na nyumba ya juu. Alhamisi ikafika, kimya. Na huku kuna mzee wa Amani katupa mlango wake, mdogo kidogo, lakini anataka jibu Jumanne jioni.

Kabla ya kukumbusha, angalia kwanza kama ujumbe umemfika. Ukiona tiki moja, bado haujaingia kwenye simu yake: pengine amezima, au bando limemwishia. Hapo ukiandika tena wasapu ni kazi bure, mpelekee meseji ya kawaida. Tiki mbili za kijivu maana yake umeingia. Zikigeuka buluu ameufungua, ingawa wapo waliozima alama hiyo, kwa hiyo kijivu hakithibitishi kwamba hajasoma. Wetu ulikuwa na tiki mbili za buluu tangu Jumatatu jioni.

Watu wengi wakiona buluu wanaudhika. Wanaandika "Naona umesoma hujajibu", au "Vipi?", au wanatupa alama ya kuuliza peke yake. Wengine wanaandika salamu tu, khalafu wanakaa kusubiri waitikiwe ndio waseme shida yao. Salamu ni wajibu, lakini mtu mwenye milango mitatu au minne ya kukodisha anapokea salamu nyingi kwa siku kutoka namba asizozijua. Ukimsalimia tu, hajui wewe ni nani wala unataka mlango upi. Itabidi apande juu kutafuta ujumbe wako wa zamani, na hatofanya hivyo.

Kwa hiyo ukumbusho uandikwe kama vile ule wa kwanza haupo. Akiusoma huu mmoja, awe na kila kitu cha kumwezesha kujibu. Sisi tuliiacha Ijumaa ipite, kwa sababu mchana wake ni wa sala na jioni watu wamo na jamaa zao. Tukaandika Jumamosi saa 4 asubuhi:

"Assalaam alaykum, shikamoo Ami. Ni sisi mafundi cherehani wawili tuliokuandikia Jumatatu kuhusu mlango wako wa kona pale Mwanakwerekwe, ule uliokuwa wa viatu. Tunajua una shughuli nyingi. Bado tunauhitaji kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao, na kodi ya miezi sita ipo tayari. Tunaomba kujua jambo moja tu: mlango bado upo wazi? Tumepewa mwengine Amani na mwenyewe anataka jibu Jumanne jioni, lakini wako ndio tunaoupenda. Kama umeshampa mtu, tuambie tu, hapana neno. Na kama kuna mwengine wa kuzungumza naye, tunaomba namba yake. Ahsante Ami, samahani kwa usumbufu."

Tazameni tulichokiacha. Suala la tukuza hatukulirudia. Tumeuliza moja tu, na linajibika kwa "upo" au "haupo" akiwa hata yuko ndani ya daladala. Masuala matatu kwa pamoja yanamfanya mtu aseme atajibu akitulia, na kutulia kwenyewe hakuji.

Ile Jumanne tuliitaja kwa sababu ilikuwa kweli. Tarehe ya uongo usiitaje. Atakwambia "basi chukueni huo mwengine", na wewe huna mwengine. Na hatukusema "utujibu kabla ya Jumanne". Tulimweleza hali yetu, yeye mwenyewe akahesabu siku.

Yale maneno ya "hapana neno" nayo yana kazi yake. Wenyewe wengi hawanyamazi kwa kiburi, wananyamaza kwa haya. Kashampa mtu mwengine, anaona vibaya kukwambia, basi anakuacha. Ukimfungulia njia ya kukataa, anakataa upesi na wewe unajua pa kwenda.

Lakini sentensi iliyotusaidia zaidi ni ile ya kuomba namba ya mwengine. Huku kwetu nyumba nyingi ni za urithi. Unayemwona anakusanya kodi pengine ni mmoja tu katika ndugu, na hana ruhusa ya kusema ndiyo peke yake. Jumapili baada ya alasiri Ami alituletea ujumbe wa sauti. Mlango upo, alisema, lakini nyumba ni yao ndugu watatu, na dada yao mkubwa yuko Maskati. Alikuwa anangoja kauli ya dada ndio atujibu. Akatupa namba yake.

Tukamwandikia yule dada jioni ile ile, kwa maneno yale yale, tukiongeza kwamba namba katupa ndugu yake. Jumatatu mchana akajibu kwa upole kabisa: mlango tupewe, ila wao ndugu wamekubaliana kodi ya mwaka mzima mbele. Ni 3,000,000. Sisi tunayo nusu. Tukamuuliza mara moja kama atakubali miezi sita sasa na sita baadaye. Akasema hapana. Tukamshukuru, na Jumanne mchana tukaenda Amani kulipa, tukaandikiana mkataba na risiti.

Mlango wa kona hatukuupata. Lakini tulijua hivyo Jumatatu, na siku moja ilikuwa bado mkononi. Tungekaa kungoja, mlango wa Amani ungekwenda kwa mtu mwengine, na Ramadhani ingetukuta na cherehani ukumbini kwa mama.

Katika siku zile za kimya dalali mmoja alitwambia tutume 100,000 ya kushikia mlango. Hatukutuma. Ambaye hajakwambia kama mlango upo, usimpe pesa ya kuushikia, wala usimpe mtu wa katikati. Fikirini tungetuma: tungekuwa tunamdai nani katika ndugu watatu?

Na ukumbusho nao ukikosa jibu, ngoja siku mbili, piga simu mara moja baada ya alasiri. Asipopokea wala asipokurudishia, hilo ndilo jibu lake. Nenda kwa mwenye mlango mwengine.