Sapoti Imevunjika, Sawa. Mlango wa Kutokea Uko Wapi?

Jamani, kuna picha ya aina moja inazunguka sana kwenye makundi ya wasapu ya watu wa hisa. Ni chati ya kampuni fulani ya Marekani. Chini wamechora mstari mwekundu, bei imegusa hapo mara tatu ikadunda, mara ya nne ikaupasua mstari ikashuka. Juu ya picha wameandika: "Sapoti imevunjika, pigeni shoti." Halafu emoji za moto mpaka basi.

Mimi huwa napiga shoti kupitia broka wa nje, kiasi kidogo tu, kwa hiyo siwezi kusema ni kitu kibaya. Ninachokiona ni kwamba watu wanaongelea chati peke yake. Ukweli ni kwamba kwenye shoti chati inaweza kuwa sahihi kabisa na wewe ukaumia vilevile.

Twende taratibu. Kupiga shoti ni kuuza hisa ambayo siyo yako. Broka anakuazimia, unaiuza leo, unasubiri ishuke, unainunua kwa bei ya chini, unamrudishia. Tofauti ya bei ndiyo faida yako. Neno la kushika hapo ni kuazima. Kitu cha watu kina kodi, na mwenye nacho anaweza kukitaka muda wowote.

Sasa kuna mdada mmoja wa mjini, sura yake mnaijua, jina nabaki nalo. Alikuwa na dola 2,500 alizoziweka kwa ajili ya fremu ya duka lake la pili. Akanitumia ile picha: "Shosti, hii si pesa ya bure hii?" Hisa ilikuwa dola 50, na hela yake ilitosha dhamana ya kushoti hisa 100, yaani mzigo wa dola 5,000. Nikamwambia afungue programu ya broka wake, asiangalie chati, aangalie ada ya kuazima. Akakaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Mbona hapa wameweka asilimia 80?"

Hisa za kampuni kubwa zinazopatikana kirahisi, ada yake huwa ndogo sana, mara nyingi haifiki asilimia moja kwa mwaka. Ukiona 80, maana yake waombaji wamejaa na hisa za kuazima zimebaki chache. Asilimia 80 ya dola 5,000 ni dola 4,000 kwa mwaka, kama dola 11 kwa siku. Siku 30 ni dola 330. Kampuni ikitoa gawio katikati, unamlipa pia mwenye hisa yake.

Mwezi mmoja baadaye hisa ile ilikuwa dola 47. Wenye chati walikuwa sahihi, imeshuka. Kwa hisa 100 faida ni dola 300. Toa ada ya dola 330, umepata hasara ya dola 30 kwa kubashiri vizuri! Na hiyo ndiyo hali nzuri, bei haijapanda.

Ikipanda je? Kwa kanuni za Marekani, broka lazima aone mtaji wako haupungui asilimia 30 ya thamani ya hisa ulizoazima, na wengi wanadai zaidi. Kwa yule dada, hesabu inagota bei ikifika karibu dola 58. Dola nane tu juu ya alipouzia! Hapo broka anakuambia ongeza hela. Usipoongeza, anakununulia hisa kwa bei iliyopo sokoni na kufunga mzigo wako. Ukinunua hisa kawaida, kikubwa unachopoteza ni ulichoweka. Kwenye shoti bei haina dari, unaweza kupoteza na usichokuwa nacho.

Sasa fikiria walioshoti ni wengi, na wote wameuzia karibu na mstari uleule mwekundu. Bei ikirudi juu ya mstari, wote wanakuwa kwenye hasara kwa pamoja. Njia ya kutoka kwenye shoti ni kununua. Wa kwanza akinunua anapandisha bei, bei inambana wa pili, naye ananunua, inambana wa tatu. Wanaokimbia ndio wanaowasha moto. Huko ndiko kubanwa.

Mfano ninaoupenda ni wa Volkswagen, Ujerumani, Oktoba 2008. Dunia ilikuwa kwenye msukosuko wa fedha, magari hayauziki, hisa ya Volkswagen ilikuwa imepanda kupita kiasi, na mwezi ule ikaanza kuporomoka. Ijumaa tarehe 24 ilifunga kwenye euro 210 hivi. Wakubwa wa mifuko ya uwekezaji walikuwa wameishoti sana, na hoja zao zilikuwa na akili.

Jumapili tarehe 26, Porsche ikatangaza kwamba ina asilimia 42.6 ya Volkswagen, na mikataba inayofungamana na bei ya hisa nyingine asilimia 31.5. Jumla 74.1. Jimbo la Saksonia ya Chini lilikuwa na asilimia 20 na ushee, nalo halikuwa na mpango wa kuuza. Piga hesabu: zilizobaki za kununuliwa na umma hazikufika asilimia 6. Walioshoti walitakiwa kurudisha karibu asilimia 12. Watu wawili, kiti kimoja.

Jumatatu bei ilifunga euro 520. Jumanne ikavuka euro 1,000, na kwa muda mfupi Volkswagen ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani kwenye soko la hisa. Haikuwa imeuza magari zaidi wikendi ile. Jumatano Porsche ikasema itaachia hadi asilimia 5, bei ikarudi karibu na 500. Walioona kwamba hisa ilikuwa ghali walikuwa na haki, ila wengi walishatolewa kwa nguvu siku mbili kabla.

Kwa hiyo mimi kabla sijashoti sapoti iliyovunjika naangalia vitu vitatu. Kwanza ada, na kama inapanda kila siku. Pili, hisa zilizoshotiwa ni ngapi ukilinganisha na zinazouzwa kwa siku. Kama zimeshotiwa milioni 12 na kwa siku zinauzwa milioni 2, wote kutoka ni siku sita za kusukumana mlangoni, hapo simo. Tatu, nasubiri siku ifunge chini ya mstari. Bei ikija kufunga tena juu yake, natoka siku hiyohiyo, sibishani nayo.

Na oda ya kujitoa isikudanganye. Soko likifungwa Ijumaa kwenye 210 na kufunguliwa Jumatatu mbali huko juu, oda uliyoweka 230 itanunua kwa bei itakayoikuta. Ndiyo maana mzigo unatakiwa uwe mdogo tangu mwanzo, uweze kuhimili bei kupanda mara mbili bila kugusa hela ya kodi.

Yule dada alinijibu neno moja tu: "Nimeelewa." Fremu amelipia, iko Sinza, na rangi wameshapaka.