Bibi harusi wa kijani, bwana harusi asiyeonekana

Wadau, ukichomeka kompyuta au gemu kwenye skrini halafu watu wote wakageuka waridi na kijani, tafadhali usikimbilie kariakoo kununua skrini nyingine. Nasema hivi kwa sababu rafiki yangu mmoja, anayehariri video za harusi pale Sinza, alikaribia sana kufanya hivyo mwaka 2019.

Kompyuta yake moja ilikuwa inalisha skrini mbili kupitia kile kiboksi kinachogawa waya mmoja wa HDMI kuwa miwili, mtaani wanakiita splita. Tundu la kwanza lilikwenda kwenye tivii kubwa ambapo wateja hukaa kuangalia kazi yao. La pili lilikwenda, kwa adapta, kwenye monita ya zamani yenye tundu la DVI, na hapo ndipo yeye alipokuwa anafanyia kazi. Siku aliyofunga splita, monita ikachafuka. Suti nyeusi zikawa zambarau, gauni la bibi harusi likawa kijani kama jani la mgomba. Tivii iko safi kabisa. Fundi akaitwa, akatazama dakika mbili, akatoa hukumu: "Kaka, paneli imekufa hii."

Mimi nilikuwa nimepita pale kuchukua flashi yangu. Nikabonyeza kitufe cha menyu cha monita yenyewe. Ile menyu ikatokea katikati ya zambarau na kijani ikiwa nyeupe na ya kijivu kama siku zote. Menyu hiyo inachorwa na monita, haipiti kwenye waya. Sasa niambieni, paneli iliyokufa inajuaje kuichafua harusi na kuiacha menyu? Tukapiga picha ya skrini ndani ya kompyuta, tukaifungua kwenye simu: rangi safi. Kompyuta ilikuwa na picha nzuri na monita ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni lugha kati yao.

Picha ikipita kwenye waya ni namba tatu kwa kila nukta. Zinaweza kuwa nyekundu, kijani na bluu, ndiyo RGB. Au zinaweza kuwa mwanga, na tofauti mbili za rangi, ndiyo YCbCr. Njia tatu za waya ni zile zile: panapopita kijani katika lugha ya kwanza ndipo unapopita mwanga katika lugha ya pili, na zile tofauti za rangi zinakaa kwenye viti vya nyekundu na bluu. Katika YCbCr kitu kisicho na rangi, kiwe cheusi au cheupe, tofauti zake zote mbili ni 128. Kwa hiyo nyeusi inatumwa kama mwanga 16 na hizo 128 mbili. Monita inayojua RGB tu inasoma nyekundu 128, kijani 16, bluu 128. Hiyo ni zambarau. Nyeupe ni mwanga 235, monita inasoma kijani 235 kati ya 128 mbili, na bibi harusi anakuwa mgomba.

Kumbe ukitazama giza limekuwa rangi gani unajua kosa limekaa upande gani. Giza likiwa zambarau au waridi na nyeupe ikawa kijani, kompyuta inasema YCbCr na skrini inasikia RGB. Ikiwa kinyume, giza la kijani na weupe wa waridi, basi inatumwa RGB kwa skrini inayodhani ni YCbCr.

Kwa nini kompyuta ilichagua lugha ambayo monita haijui? Kila skrini ikichomekwa hujitambulisha: inataja vipimo vyake na lugha inazozielewa. DVI ni ya mwaka 1999 na inajua RGB peke yake, na kompyuta ikiunganishwa nayo moja kwa moja hutuma RGB. Lakini ile splita ilikuwa inapeleka utambulisho wa tundu la kwanza tu, yaani tivii. Tivii inazielewa lugha zote mbili. Kompyuta ikadhani iko na tivii peke yake, monita ikabaki kama mgeni kwenye kikao cha ukoo kinachoendeshwa kwa kilugha.

Dawa ilichukua nusu dakika. Kwenye NVIDIA Control Panel, sehemu ya `Output color format`, tukatoa `YCbCr444` tukaweka `RGB`. Zambarau ikafutika. Fundi akaomba nauli.

Sasa hapa ndipo wengi huishia, na hapa ndipo hasara yenyewe ilipoanza. Picha ilirudi lakini imepauka, nyeusi imekuwa kama majivu. Rafiki yangu akasema monita imezeeka, akaendelea na kazi. Wiki kadhaa baadaye mteja akarudisha video: kwenye tivii ya nyumbani kwake bwana harusi hana uso. Shati linaonekana, meno yanaonekana, uso na suti vimekuwa kitu kimoja. Mama wa bwana harusi alilia, na si kwa furaha. Pesa ikadaiwa.

Viwango vya video tangu 1982 vinaweka nyeusi kwenye 16 na nyeupe kwenye 235, vikiacha nafasi juu na chini. Kompyuta zenyewe hutumia 0 hadi 255. Kompyuta ile, kwa kudhani inaongea na tivii, ilikuwa inabana kila kitu kiingie kati ya 16 na 235. Monita ya DVI haina habari hiyo; kwake 16 ni kijivu. Chukua kivuli cha shavu chenye namba 30 kwenye faili. Kinabanwa kuwa 42, kinaonekana kimepauka. Mhariri anashusha giza mpaka jicho lake liridhike, yaani mpaka pale monita ionyeshe 30 tena. Lakini ili monita ionyeshe 30, faili sasa lazima iwe 16. Na vyote vilivyokuwa chini ya hapo vimefika sifuri, havirudi. Ukumbi wa usiku, ngozi zetu hizi, suti nyeusi: karibu kila kitu cha maana kinaishi huko chini.

Tukabadilisha `Output dynamic range` kutoka `Limited` kwenda `Full`. Monita ikakaa sawa, tivii ikaanza kumeza giza, kwa sababu yenyewe ilikuwa inasubiri 16. Kwa hiyo na tivii nayo ikabidi iambiwe. Kwenye menyu yake ilikuwa `HDMI Black Level`, tukaiweka `Normal` badala ya `Low`. Wenye PS4 mtaikuta kitu hicho hicho kwa jina la `RGB Range`. Wanaotumia Linaksi wenye kadi ya Inteli, ni hivi, mkibadilisha jina la tundu kuwa la kwenu:

```
xrandr --output HDMI-1 --set "Broadcast RGB" "Full"
```

Kipimo chake ni rahisi: chora ukurasa mweusi wa 0, andika juu yake neno kwa rangi ya 10, 10, 10. Usipoliona kabisa, skrini inameza giza. Ukiliona lakini ukurasa wenyewe unang'aa kama majivu, skrini inapokea 16 ikidhani ni kijivu.

Tulihesabu kazi alizozitoa katika kipindi kile cha majivu: harusi sita. Tatu zilikuwa bado na picha za asili kwenye diski, akazihariri upya bila malipo, ikiwemo ile ya yule mama. Za nyingine tatu kadi zilikuwa zimeshafutwa na kurekodiwa harusi nyingine.