Viti themanini na majina mia moja

Semina yetu ya huduma ya kwanza kwa watoto haitozwi ada, na ukumbi wa madrasa una viti 80. Midoli ya mazoezi ni minane, kila mmoja kwa akina mama kumi, na chakula cha mchana hupikwa kwa idadi hiyo hiyo. Kila mara tulipofunga orodha, wapo waliokosa nafasi wakabaki kusononeka. Na kila mara siku yenyewe ilipofika, palikuwa na viti vitupu. Mama aliyenyimwa nafasi akisikia hivyo, ana haki ya kuuliza: mbona hamkuniandika mimi?

Swali hilo ndilo lililotufanya, katika kikao cha kamati, tufungue daftari la semina tano zilizopita. Mweka hazina wetu alikuwa na rai iliyo wazi: kwa kuwa watu hawaji wote, na tuandike majina zaidi ya viti. Hatukuikataa rai yake. Tulitaka kwanza kujua ni majina mangapi, na ni nani atakayeumia tukikosea.

Daftari lilisema hivi. Semina ya kwanza waliandikishwa 80, wakaja 65. Ya pili 76, wakaja 57. Ya tatu 80, wakaja 44 tu. Ya nne tuliongeza kidogo, tukaandika 84, wakaja 63. Ya tano 80, wakaja 68. Kwa jumla ni majina 400, na waliofika ni 297. Waliokosekana ni 103, yaani asilimia 26 kwa kukadiria. Mweka hazina akapiga hesabu papo hapo: ikiwa katika kila mia huja 74, basi ili tupate 80 tuandike 108.

Ndipo mmoja wetu akauliza kuhusu ile semina ya tatu. Ilikuwa katikati ya masika, na usiku wa kuamkia siku ile mvua haikukatika. Njia za Kisauni zilijaa maji na mama mwenye mtoto mgongoni hakuwa na pa kupita. Siku kama ile ni kweli ilitokea, na huenda ikatokea tena, lakini haitufundishi lolote kuhusu Jumamosi kavu. Tuliiweka kando. Katika semina nne zilizobaki majina ni 320 na waliokosekana ni 67, asilimia 21. Siku moja ya mvua ilikuwa imeuinua wastani wetu kwa sehemu tano katika mia, na kutoka 108 tukashuka hadi 101.

Hapo wengi walidhani kazi imekwisha. Lakini tazama maana ya 101: ndiyo idadi ambayo, kwa wastani, inaujaza ukumbi sawasawa. Wastani ni mahali pa katikati. Siku moja watu huzidi, siku nyingine hupungua. Kuandika 101 ni kukubali kwamba karibu nusu ya semina zetu zitakuwa na mtu aliyesimama mlangoni bila kiti. Tena wanawake hawaji mmoja mmoja kama shanga zilizokatika uzi. Mtu huja na wifi yake, na binti yake, na jirani. Kukitokea arusi upande wa kina fulani, hupotea watu watano kwa pamoja. Isipotokea, huja wote watano. Kwa sababu hiyo idadi zetu hupanda na kushuka kuliko ambavyo zingefanya lau kila mmoja angekata shauri peke yake.

Basi tukaacha kuutazama wastani, tukaitazama siku waliyojitokeza wengi kuliko zote. Ni ile ya tano: walikosekana 12 katika 80, asilimia 15. Siku kama hiyo ikirudi, majina 94 yataleta watu 80 kamili.

Tungekomea hapo, lau si dada anayekaa mlangoni. Yeye alituambia kwamba siku ile ya tano vichwa ukumbini vilikuwa 74, si 68. Waliotiwa alama kwenye orodha ni 68, na sita walikuja bila kuandikishwa, kwa kusikia habari tu. Twamshukuru kwa kuwaandika ukurasa wa pili, kwani angaliwachanganya tungalisema waliokosekana ni sita tu, na hesabu yote ingaliharibika. Mwenye kutaka kujifunza kutokana na shughuli zake na aweke mafungu mawili: walioahidi wakaja, na waliokuja bila kuahidi. Idadi ya sahani zilizoliwa haitofautishi kati yao.

Na wageni hao sita wanakalia viti vilevile. Tukiwawekea nafasi, vinabaki 74 kwa walioandikishwa. Na kwa siku kama ile ya tano, majina 86 yataleta watu 73, nao wanatoshea. Siku ya kawaida majina hayo yatatuletea kama watu 68, na hata wageni wasipokuja, viti vitakavyobaki vitupu ni kama 12.

Mweka hazina alisikitika. Kutoka 108 hadi 86! Akatukumbusha kuwa mashirika ya ndege huuza tikiti nyingi kuliko viti wala hayaoni haya. Ni kweli, lakini tazama wanalofanya abiria wakizidi. Nchini Marekani, tangu 1978, shirika hutakiwa kwanza kutafuta anayekubali kwa hiari yake kubaki, na kumlipa. Wazo hilo lilikuwa limetolewa na mchumi Julian Simon. Aliyebaki hupata fedha mkononi na kiti katika ndege ya baadaye. Sisi hatuna ndege ya baadaye. Semina ifuatayo ni baada ya miezi mitatu, na fedha za kumpa mtu hatuna.

Kwa hiyo tulipima hasara mbili. Kiti kitupu kinatugharimu sahani moja ya pilau, nayo hupelekwa kwa jirani ikaliwa kabla ya alasiri. Mama anayerudishwa mlangoni ameamka alfajiri Likoni, amevuka feri, amemwacha mtoto mwingine kwa mkwewe, na ameshika ujumbe wetu wa simu unaosema jina lake limepokelewa. Ujumbe ule ni ahadi. Hatukuona kwamba hasara hizi mbili zina uzito mmoja, na laiti tungekuwa na baraza yenye kivuli na midoli ya ziada ya kuwahudumia waliozidi, tungethubutu kufika 94.

Nafasi zaidi tunazitafuta kwa njia nyingine. Siku ya Alhamisi tunampigia simu kila aliyeandikishwa, kwa sauti, si kwa ujumbe. Masikio yaliyozoea hutambua: anayesema "inshallah, nakuja na wifi yangu, tutapanda gari ya saa mbili" huja; anayesema "inshallah, tutaona" aghalabu ana udhuru ambao haya inamzuia kuusema. Huyo wa pili twamwambia kwa upole kwamba yupo mwenzake anayesubiri, naye mara nyingi hushusha pumzi na kuiachilia nafasi. Kila nafasi inayoachiliwa hupewa anayefuata kwenye orodha ya wanaosubiri, na jumla hubaki 86 ileile.

Orodha ya mwezi huu imekwisha kujaa, na wanaosubiri ni 14. Simu zitapigwa Alhamisi baada ya adhuhuri. Na mvua ikinyesha usiku wa Ijumaa, hatutaongeza jina hata moja, tutapunguza mchele.