Pongezi za Baba katika herufi 280

Mdogo wangu aliandika ujumbe wa kumpongeza Baba kwa kutimiza miaka 65, akanitumia niupunguze uingie kwenye mtandao wa X. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na kazi yangu ya kila siku ni kufupisha maelezo marefu ya madaktari. Nyumbani kila maandishi yanayohitaji mkasi huletwa kwangu.

Mtandao huo, zamani ukiitwa Twitter, ulianza mwaka 2006 ukiruhusu herufi 140 tu kwa kila chapisho, kipimo kilichotokana na meseji ya simu ambayo huchukua herufi 160. Novemba 2017 nafasi iliongezwa hadi 280, na asiyelipia huduma hiyo bado anabanwa na kipimo hicho. Nafasi kati ya neno na neno inahesabiwa, nukta inahesabiwa, na kile kikatuni cha moyo au keki huhesabiwa kama herufi mbili.

Ujumbe wa mdogo wangu ulikuwa na herufi karibu 900. Huu hapa:

"Leo ni siku ya kipekee sana katika familia yetu, kwani ni siku ambayo Mungu alituletea zawadi kubwa ambayo ni wewe baba yetu mpendwa. Natumia fursa hii kukutakia heri ya siku ya kuzaliwa unapotimiza miaka 65. Wewe umekuwa nguzo, mwalimu, rafiki na shujaa wetu. Umetulea kwa upendo, umetusomesha kwa jasho lako na hukuwahi kukata tamaa hata ulipopitia magumu. Nakumbuka ulivyokuwa unashona sare za watoto wa watu mchana kutwa, halafu usiku tukiwa tumelala ndipo unashona za kwetu. Ulikuwa unaacha pindo refu kwenye sketi yangu, na kila Januari unalifumua kidogo ili sketi ile ile initoshe tena. Sketi moja nilivaa miaka mitatu. Hata mwaka jana ulipougua presha ukalazwa, bado uliniuliza kama nimekula. Maneno hayatoshi kueleza jinsi tunavyokupenda. Mungu akupe maisha marefu, afya njema, baraka tele na akutimizie haja zote za moyo wako. Tunakupenda sana baba yetu, leo, kesho na milele. Amina."

Ni ujumbe mzuri, na kila neno lilitoka moyoni. Lakini ni zaidi ya mara tatu ya nafasi iliyopo. Watu wengi wakifika hapa hufanya moja ya mambo mawili. Wengine hupiga picha maandishi yote na kuiweka, ambapo maneno huwa madogo kiasi kwamba shangazi mwenye miwani hawezi kuyasoma kwenye simu. Wengine huanza kufuta kutoka mwisho kurudi nyuma mpaka nafasi itoshe. Hii ya pili ndiyo inayoua ujumbe, kwa sababu mwanzo wa pongezi zetu nyingi ni utangulizi tu, na kitu chenyewe kipo katikati.

Ukifuta kutoka mwisho kwenye ujumbe wa mdogo wangu, unabaki na siku ya kipekee, zawadi kubwa, nguzo na shujaa. Baba yetu, yule fundi cherehani tunayemjua, hayumo.

Kwa hiyo nilianza upande mwingine. Kabla ya kufuta chochote nilitafuta sentensi ambayo jirani yetu hawezi kuichukua akampelekea baba yake. "Wewe umekuwa nguzo" anaweza kuichukua. "Umetusomesha kwa jasho lako" anaweza pia. Lakini pindo refu lililokuwa likifumuliwa kila Januari ni la nyumba yetu peke yake. Hiyo ndiyo niliyoiweka juu kabisa, pamoja na sare za watoto wa watu zilizoshonwa mchana, na nikaamua kwamba chochote kitakachofutwa, hizo mbili zitabaki.

Mdogo wangu hakufurahi. "Dada, umemtoa shujaa," aliniambia kwenye simu. "Watu watafikiri hatumheshimu Baba."

Nilimwambia asome maneno ya sketi kwa sauti, halafu aniambie kama mtu anayefanya hivyo si shujaa. Alinyamaza kidogo. Sifa ni hitimisho la jambo ambalo mtu ametenda. Ukiwa na nafasi ndogo, andika lile alilotenda na umwachie msomaji ahitimishe mwenyewe. Ukiandika hitimisho peke yake, msomaji hana alichokiona.

Baada ya hapo kazi ikawa ya lugha, na hapa Kiswahili kinatusaidia sana. Kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa. "Ulivyokuwa unashona" inaweza kuwa "ulishona", na hakuna kinachopotea. "Unalifumua kidogo ili sketi ile ile initoshe tena" inaweza kuwa "ukalifumua ili initoshe tena", kwa kuwa ile "i" ya mwanzo wa "initoshe" tayari inaitaja sketi. "Wewe" mbele ya "umekuwa" haina kazi, na "ambayo ni wewe baba yetu mpendwa" yote inaingia ndani ya neno moja: Baba. Kumwita mtu moja kwa moja mwanzoni mwa ujumbe kuna joto kuliko kumweleza kwamba ni mpendwa.

Kitu kimoja nilikataa kukifanya ni kukata herufi ndani ya maneno. Kuandika "cku" badala ya "siku" au "2nakupenda" badala ya "tunakupenda" huokoa herufi moja tu, na mzee wa miaka 65 hulazimika kukisia. Ujumbe wa heshima haupaswi kumfanya anayepongezwa aombe msaada wa kuusoma.

Dua nayo ilitusumbua. Kwetu pongezi bila dua husikika kavu, kama risiti ya dukani. Lakini dua nne mfululizo, maisha marefu, afya, baraka na haja za moyo, husomwa kwa haraka kama kitu kimoja. Tukachagua zile mbili ambazo Baba mwenyewe huziomba kila tunapokaa mezani, yaani afya na miaka. "Maneno hayatoshi" iliondoka bila ubishi, kwa sababu ndiyo hasa hali yetu: maneno hayatoshi, basi yaliyopo tusiyatumie kusema hivyo.

Palikuwa na sentensi moja niliyoitoa hata kama nafasi ingekuwepo. Ni ile ya presha na kulazwa. Katika kazi yangu siandiki ugonjwa wa mtu pamoja na jina lake bila ridhaa yake, na siku ya kuzaliwa haibadilishi hilo. Mdogo wangu aliitaja kwa upendo, lakini kwenye mtandao wa wazi itasomwa na wateja wa Baba, viongozi wa msikiti na watu tusiowajua, na mwenye ugonjwa hakuulizwa. Kwa sababu hiyo hiyo sikuweka jina lake kamili na mwaka wa kuzaliwa. Jina kamili na tarehe ya kuzaliwa vikikaa pamoja hadharani, tapeli anakuwa ameshapata mahali pa kuanzia anapojifanya ni yeye. Umri wake unatosha, na Baba hupenda kuutaja mwenyewe.

Tulibaki na hii:

"Baba, mchana ulishona sare za watoto wa watu, usiku za kwetu. Sketi yangu uliiacha na pindo refu, kila Januari ukalifumua ili initoshe tena. Ilinifaa miaka mitatu. Leo umetimiza 65. Heri ya siku ya kuzaliwa. Mungu akupe afya na miaka mingi. Tunakupenda."

Ni herufi 253. Zinabaki 27, na mdogo wangu akaweka moyo mmoja na neno lake mwenyewe, "Wanao". Ukiona nafasi imebaki, si lazima uijaze.

Unaweza kukata kupita kiasi pia. Tungeweza kuandika "Heri ya kuzaliwa Baba, tunakupenda" tukawa tumemaliza. Njia ya kutambua ni kumsomea mtu wa familia ujumbe uliokatwa. Akijibu "ni nzuri" tu, huenda umekata kile kilichokuwa hai. Tulimsomea Mama. Alicheka, kisha akaanza kueleza jinsi alivyokuwa akishika taa ya chemli usiku umeme ukikatika ili Baba aone tundu la sindano. Tukajua ujumbe uko hai.

Sasa, Baba mwenyewe hana mtandao wa X. Anatumia kitochi. Chapisho lile lingesomwa na ukoo mzima isipokuwa yeye, kwa hiyo tulihitaji toleo la meseji, na meseji ina sheria zake. Ukiandika kwa herufi za kawaida, meseji moja huchukua 160. Ukiingiza kikatuni kimoja tu, meseji nzima hubadilishwa mfumo na kubaki na nafasi 70, na kwenye kitochi kikatuni hicho huweza kuonekana kama kisanduku kitupu. Hata alama ya juu iliyopinda, ile ambayo simujanja nyingine huiweka zenyewe ukiandika neno kama ng'ombe, hufanya vivyo hivyo. Ukiona kihesabu cha herufi kimeshuka ghafla bila sababu, itafute alama hiyo.

Toleo la Baba lilikuwa na herufi 129:

"Baba, sketi uliyoifumua pindo kila Januari bado naikumbuka. Leo umetimiza 65. Mungu akupe afya na miaka mingi. Wanao tunakupenda."

Sare za watoto wa watu hazimo humu, kwa kuwa yeye hahitaji kuelezwa alikuwa akifanya kazi gani. Ukoo na marafiki walihitaji maelezo hayo ili waelewe sketi. Baba alihitaji kujua tu kwamba tuliona.

Ule ujumbe mrefu hatukuutupa. Mdogo wangu aliuandika kwa mkono kwenye kadi, pamoja na ile sentensi ya presha, kwa sababu ndani ya bahasha ni siri ya mtu na wanawe. Baba aliusoma jioni, peke yake, akaiweka kadi ndani ya droo ya cherehani.

Meseji aliijibu siku ile ile saa nne asubuhi. Aliandika: "Asanteni wanangu. Kitambaa kile kilikuwa imara."