Tisini na Moja

Binti yetu wa miaka 9 alileta ripoti ya afya yenye 91, nasi tukaifurahia kama alama ya mtihani. Jioni akasukuma sahani ya mahamri: wenzake wamemwita bonge. Baba yake akamwandikia muuguzi wa shule, "Tafadhali tufahamishe, 91 hii ni ya nini?"

Jibu likaja. Kilo zake 36 hugawanywa kwa kimo chake, mita 1.32, kilichozidishwa kwa chenyewe. Jawabu ni 20.7. Katika jedwali la kulinganishia, kati ya wasichana 100 wa umri wake, 91 wako chini ya hapo. Kuanzia 85 ni uzito uliozidi. Kuanzia 95, unene wa kupindukia. Lakini hesabu hiyo haitenganishi mafuta na misuli. Atampima tena muhula ujao, bila viatu, na asinyimwe chakula.