Asilimia kumi ya pesa, asilimia 64 ya hatari

Wasee, ile chati ya duara kwa apu za uwekezaji hunikera sana. Inakuonyesha pesa zako ziko wapi. Hatari iko wapi? Hapo imenyamaza.

Binamu yangu ana laki moja, na hiyo ni karo ya Januari. Elfu sabini iko MMF, elfu ishirini ni hisa za Safaricom, elfu kumi ni bitkoini. Akaniambia, "Tulia bro, bitkoini ni asilimia kumi tu." Nikachukua kalamu.

Tuseme kwa siku moja hisa zake hutikisika kwa 1.5%, yaani bob 300. Bitkoini tuipe 4%, bob 400. MMF haitikisiki, iwe sufuri. Sasa hatujumlishi tu 300 na 400, juu kuna siku moja inashuka na nyingine inapanda. Kama hazifuatani kabisa, tunatumia ile hesabu ya Pythagoras ya shule: 300² + 400², toa kipeuo, unapata 500. Zidisha na 1.65, ni 825. Hiyo ndiyo VaR: kwa siku 19 kati ya 20, hasara haitapita 825.

Nani analeta hiyo 825? Igawe kwa uwiano wa 300² na 400², yaani 90,000 kwa 160,000. Safaricom inabeba 297, bitkoini 528. Kale kakipande kadogo kwa chati ndiko kamebeba asilimia 64 ya hatari yote!

Gawa tena 528 kwa elfu kumi: kila shilingi ya bitkoini inabeba kama senti tano za hatari. Ya Safaricom ni senti moja na nusu. Kwa hivyo akihamisha elfu moja kutoka bitkoini kwenda MMF, VaR inashuka kama 52. Akiitoa kwa Safaricom, inashuka 15 tu.

Lakini hapa wengi huteleza. Akiuza bitkoini yote, VaR haishuki 528. Zinabaki hisa peke yake, 300 mara 1.65, yaani 495. Imeshuka 330 pekee, juu hisa zimepoteza mwenzao wa kupishana naye. Zile senti tano ni za hatua ndogo, si za kuuza kila kitu.

Na ile "hazifuatani" ni dhana tu. Siku ya hofu zote zinaweza kuporomoka pamoja, na hapo ni 700 mara 1.65, yaani 1,155. Ile siku ya 20 nayo, VaR haisemi itauma kiasi gani.

Binamu amehamisha elfu tano ya bitkoini kwenda MMF. VaR imeshuka hadi 595, na sasa Safaricom ndiyo inaongoza: imebeba 412. Tayari ananiuliza kuhusu hiyo.